Dereva Alinipanga: Sheng Inapohamishiwa Kiswahili Sanifu

Mnamo Aprili 2022, miezi minne kabla ya uchaguzi mkuu, Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ilitoa orodha ya maneno iliyoyahesabu kuwa ya chuki na uchochezi, ikawaonya wanasiasa wasiyatamke majukwaani. Katika orodha hiyo, sako kwa bako na maneno ambayo ubaya wake unafahamika tangu zamani kama vile "madoadoa" na "kwekwe", lilikuwamo neno "hatupangwingwi". Neno hilo lilikuwa limezaliwa na wimbo wa msanii Exray uitwao "Sipangwingwi", uliovuma mwaka 2021, kisha likachukuliwa na wanakampeni.

Ukiliondolea neno hilo mkia wake wa "-ngwi", unabaki na "hatupangwi", ambalo kwa sura ni Kiswahili kisicho na doa. Lakini Kiswahili sanifu hupanga vitabu rafuni, hupanga safari na hupanga nyumba, hakimpangi mtu. Katika Sheng, kumpanga mtu ni kumlainisha kwa maneno hadi afuate matakwa yako pasipo yeye kujua kwamba anafuata. Nao ule mkia hauna maana ya kamusi hata kidogo. Kazi yake ni kuleta mzaha, kumcheka yule anayedhani anaweza kukupanga. Basi je, aliyetamka "hatupangwingwi" alikuwa anakataa kulaghaiwa, anatania, au anatisha? Sikusudii kuamua hapa iwapo tume ilipatia au ilikosea. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba kabla ya neno hilo kuhukumiwa ilibidi kwanza mtu alitafsiri, na kwamba hukumu nzima ilitegemea tafsiri hiyo.

Jambo hili si la majukwaani pekee. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 7, inatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Ibara ya 50 inampa mshtakiwa haki ya kupata mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha inayotumika kortini. Sheng haipo katika ukumbi huo, ilhali vijana wanaofikishwa huko, ama kuitwa kutoa ushahidi, ndiyo lugha waliyoitumia siku ya tukio. Ujumbe wa simu husomwa mbele ya hakimu. Maneno ya wanafunzi huandikwa katika daftari la nidhamu. Usemi wa waandamanaji huingia gazetini. Katika kila hali, pana mtu aliyeketi katikati, kalamu mkononi, akihamisha maneno kutoka lugha ya vijana hadi lugha isiyo na upande. Aghalabu mtu huyo ni mwalimu, au ni mwanafunzi wa jana.

Watu hao huanguka katika mojawapo ya mashimo mawili. Wa kwanza hushika orodha ya maneno, akabadili neno kwa neno kama mtu anayebadilisha fedha. Wa pili huona aibu kwa lugha aliyopewa, akaivika kanzu na joho mpaka wasemaji wenyewe hawajitambui. Njia nzuri ya kuyaona mashimo yote mawili ni kuchukua mazungumzo mafupi na kuyapitia hatua kwa hatua. Haya hapa nimeyatunga mwenyewe, kwa Sheng ya kawaida ya Nairobi inayosikika katika vituo vya matatu. Wasemaji ni vijana wawili wa rika moja.

— Niaje buda. Fom ni gani leo?

— Poa tu. Sina fom, buda, nimesota vibaya.

— Si ulipiga skwodi jana na ile nganya ya steji?

— Nilipiga, lakini dere alinipanga. Aliniambia atanitumia thao, akanitumia soo mbili.

— Zii! Huyo msee ni fala. Leo tunamchomea.

— Wacha hizo. Karao wako besi. Ntamcheki mosmos. Lakini akinipanga tena, atanijua.

— Sawa basi. Niokolee na mbao ya chai.

— Buda, si nimekuambia nimesota? Shika ashuu.

Sasa mpe mwanafunzi hodari wa Kidato cha Nne kazi ya kuyaandika haya kwa Kiswahili sanifu. Hapana shaka utapata kitu kama hiki: "Hujambo, ewe rafiki? Je, mpango wako wa siku ya leo ni upi?" Naye wa pili atajibu: "Sijambo. Sina mpango wowote kwa kuwa ninakabiliwa na upungufu mkubwa wa fedha." Tukifika kwa dereva tutaambiwa kwamba "dereva alinifanyia udanganyifu". Sarufi haina kosa hata moja, na mtihanini huenda akapewa alama zote. Lakini hakuna binadamu aliyewahi kumwambia mwenzake kituoni kwamba anakabiliwa na upungufu mkubwa wa fedha. Hiyo ni lugha ya waziri akisoma bajeti.

Ugumu huo watoka wapi? Wengi hudhani unatoka katika Kiswahili sanifu chenyewe, kwamba ndivyo kilivyo, kikavu. La hasha. Unatoka katika kubomoa sentensi ambayo haikuhitaji kubomolewa. Tazama vitenzi vya mazungumzo yetu: ni-me-sota, a-li-ni-panga, tu-na-m-chomea, ni-ta-m-cheki. Nafsi ni ya Kiswahili, wakati ni wa Kiswahili, kiambishi cha mtendwa kimekaa pale pale kinapokaa siku zote. Chege Githiora, ambaye mwaka 2018 alitoa kitabu kizima juu ya Sheng, anaiangalia kama tawi la Kiswahili cha Kenya, wala si lugha ya pembeni isiyo na ukoo. Ukikubaliana naye, kazi ya mtafsiri inapungua kwa kiasi kikubwa, maana mifupa ya sentensi tayari ni ya kwetu. Kinachotakiwa ni kubadilisha shina la neno pale linapokuwa geni, na kuiacha mifupa mahali pake. "Nimesota" ni kitenzi kimoja. Na kijibiwe kwa kitenzi kimoja, "nimeishiwa". Anayekigeuza kuwa "upungufu mkubwa wa fedha" amechukua tendo akalifanya jina, na rundo la majina ndilo linaloifanya lugha isimame kama mti mkavu.

Lakini kuna hatari upande wa pili, nayo ni kubwa zaidi. Maneno yanayoonekana mageni kabisa, kama "nganya", "karao" na "skwodi", hayamdanganyi mtu. Asiyeyajua atauliza. Maneno yanayoponza ni yale yanayovaa sura ya Kiswahili tunachokifahamu: kupanga, kuchomea, mbao, vibaya. Hayo msomaji huyapita akidhani ameyaelewa. Kwa hiyo mimi humshauri mwanafunzi asianze kwa kupigia mstari maneno asiyoyajua. Aanze na yale anayoyajua, kisha ajiulize kwa kila moja: je, maana ninayoijua inakaa hapa?

Tuanze na "alinipanga". Sentensi inayofuata ndiyo inayoifafanua: dereva aliahidi pesa nyingi, akatuma kidogo. Kwa hiyo hapa kumpanga mtu ni kumzuga. Tungeweza kusema "alinidanganya", nalo si kosa, ila kudanganya kunaweza kuwa kwa neno moja tu la uongo, ilhali kupanga kuna ile ladha ya maneno matamu yaliyomlainisha mtu akakubali kazi. "Alinizuga" linaibeba vizuri zaidi. Angalia pia kwamba msemaji analirudia neno hilo baadaye: "akinipanga tena". Hapo mtafsiri aliyefundishwa kuepuka marudio katika insha atataka kutafuta kisawe, aandike "akinilaghai". Asifanye hivyo. Msemaji amelirudia makusudi, na msikilizaji analiunganisha na lile la kwanza. Likiwa "alinizuga" mwanzo, liwe "akinizuga tena" mwisho.

"Vibaya" nalo lina ujanja wake. Katika Sheng limegeuka kuwa "mno", kiasi kwamba kijana anaweza kusema wimbo fulani ni "poa vibaya" akiwa anausifu. Katika mazungumzo yetu, bahati nzuri, linafuata jambo baya, na Kiswahili sanifu kinaruhusu "nimeishiwa vibaya" bila kumshtua mtu. Kwa hiyo liachwe. Zipo semi za kupendeza ambazo mwalimu wa fasihi angetamani kuzitia hapa, mathalan "sina hata ndururu". Ni usemi mzuri, wa nyumbani kabisa, lakini sogea mistari michache mbele: kijana huyu huyu anatoa shilingi 10 mfukoni akampa mwenzake. Ukishamwambia msomaji kwamba hana hata ndururu, umemfanya mwongo. Nahau hupimwa kwa mazungumzo yote, si kwa mstari mmoja.

Fedha hazina mzaha. "Thao" ni shilingi 1,000, "soo" ni 100, "mbao" ni 20, na "ashuu" ni 10. Dereva basi aliahidi 1,000 akatuma 200, na pengo ni shilingi 800. Anayekisia kwamba soo ni 50 amebadilisha ukubwa wa ugomvi, na kama mazungumzo haya yangekuwa ushahidi katika dai la malipo, amebadilisha dai lenyewe. Majina ya fedha pia hubeba historia ambayo tarakimu haibebi. Noti ya shilingi 500 iliwahi kuitwa "jirongo", kwa jina la mwanasiasa Cyrus Jirongo aliyeliongoza kundi la vijana la KANU katika kampeni za 1992, wakati pesa zilipomwagwa kama njugu. Ukiandika "alinipa noti ya mia tano" umetoa kiasi sawasawa, na kijembe kimebaki njiani. Katika hati ya hesabu hilo halina neno. Katika hadithi fupi, lina neno sana.

Sasa tumefika penye mfupa wa koo: "Leo tunamchomea." Kuchoma, katika Kiswahili cha wote, ni kutia moto. Katika Sheng, kumchomea mtu ni kumwaibisha, kumharibia jina au mipango, kama vile kumwendea mwenye gari na kumweleza kwamba dereva wake anawapunja vibarua. Maana hiyo ya pili ndiyo ya kila siku. Ila haiwezi kusemwa kwamba ile ya kwanza imekufa. Vijana nao huwasha moto jikoni, na magari yamewahi kuchomwa barabarani. Mtafsiri afanye nini? Akiandika "leo tutamchomea gari", amemtia kijana hatiani kwa gari ambalo hakulitaja. Akiandika "leo tutamwaibisha", amemtakasa kabla hajaulizwa swali.

Watu watasema tuangalie jibu la mwenzake. Haya, tuliangalie: "Wacha hizo. Karao wako besi." Anamkataza, na anamtajia polisi. Je, amewataja polisi kwa sababu ameelewa kwamba kuna uhalifu unaopangwa, au kwa sababu kelele zozote za kumwaibisha dereva pale maskani zingewavuta askari waliopo? Jibu halimalizi shaka. Basi, kama shaka imo katika usemi wenyewe, tafsiri mwaminifu lazima iwe na shaka hiyo hiyo, si zaidi na si pungufu. Na Kiswahili kina neno lenye upana unaotakiwa: "Leo tunamharibia." Kumharibia mtu kunaweza kuwa kumharibia jina, kazi au mali. Neno halisemi ni ipi, kama vile msemaji hakusema ni ipi. Mbele ya korti mkalimani aongeze kwa sauti kwamba neno lililotumika ni "tunamchomea", kwamba lina maana zaidi ya moja, na kwamba aliyelitamka ndiye wa kuulizwa alikusudia nini. Kuchagua badala yake si kazi ya mkalimani, hata kama moyoni ana uhakika.

Angalia vilevile wakati wa kitenzi. Alisema "tunamchomea", si "tutamchomea". Kiswahili cha mazungumzo hutumia -na- kwa jambo lililokusudiwa, na nguvu yake ni kwamba uamuzi umekwisha kupita. Wengi huligeuza kuwa -ta- wakidhani wanasahihisha sarufi. Wamepunguza ukali wa azimio bila kuambiwa.

"Huyo msee ni fala" ni mstari mfupi wenye mashaka yake. Msee ni mtu tu. Hana uhusiano na umri, hata kama sikio linasikia "mzee", na mtafsiri anayeandika "mzee huyo" amempa dereva mvi asizokuwa nazo. Fala kamusini ni mjinga. Lakini aliyempunja kibarua shilingi 800 si mjinga, ila ni mjanja. Kijana haongelei akili za dereva, bali anamdharau. "Mpuuzi" linafaa, kwa kuwa lina dharau bila kupima akili. Ningelikataa "baradhuli", ambalo ni neno zuri lakini linanuka vitabu vya zamani, na ningelikataa pia kulilainisha tusi mpaka likawa "si mtu mzuri". Walimu wetu wana desturi ya kuyafua maneno machafu kabla ya kuyaanika. Darasani huenda wana sababu. Katika kumbukumbu za shauri, au katika kikao cha kumfukuza mwanafunzi shule, tusi liandikwe kwa uzito ule ule liliotupwa nao.

Yapo maneno ambayo hayadai lolote. "Atanijua" halihitaji kuguswa; ni kitisho kinachoeleweka Lamu hadi Busia. "Si ulipiga" na "si nimekuambia" yana ile "si" ya kumkumbusha mtu jambo analolijua, nayo ni Kiswahili safi. Hapa ndipo wengi wanapoteza uhai wa mazungumzo. Vijineno kama si, basi, haya, kwani, hebu na ati hawavioni kuwa na maana, hivyo huviacha nyuma, kisha wanashangaa mbona tafsiri yao imekuwa baridi. Ondoa "si" katika "si nimekuambia nimeishiwa?" uone kinachobaki: taarifa ya hali ya fedha. Ule uchovu wa mtu anayeombwa na mwenzake ambaye amekwisha kumsikia akilalamika umetoweka.

Limebaki "buda", ambalo limetokea mara tatu. Kwa asili humrejelea baba au mtu mzima, lakini hapa ni wa rika moja wanaoitana. Orodha ya maneno itakupa "baba", na mazungumzo yatageuka kuwa ya mwana na mzazi wake. "Rafiki yangu" ni sahihi lakini hutumiwa zaidi na mtu anayetaka kukuuzia kitu. "Bwana" ndilo tulilo nalo, na linafanya kazi zote tatu: linasalimia, linalalamika, linakaripia kwa upole. Kwa wasichana wawili lisingefaa hata kidogo, hapo ningeandika "dada" au "shoga", kutegemea ni Nairobi au ni pwani.

Kuhusu "kupiga skwodi", ni kushika kazi ya matatu kwa muda mahali pa mfanyakazi wa kawaida. Usemi hausemi kama kijana alikuwa kondakta au alishika usukani. Tunakisia ukondakta kwa kuwa dereva ndiye aliyemlipa. Kisio hilo lisiingie katika tafsiri, na "kibarua" linatosha. "Nganya" si matatu yoyote, bali ni ile iliyorembwa kwa picha na taa, inayopiga muziki na kugombewa na abiria vijana. Nimeona watu wakiliandika "gari" tu. Hilo linaharibu hoja ya muulizaji, kwani anachosema kimsingi ni kwamba aliyefanya kazi katika gari la namna ile hapaswi kuwa mikono mitupu.

Baada ya kuyapima yote hayo, mazungumzo yanaweza kukaa hivi:

— Vipi, bwana. Leo kuna mpango gani?

— Salama tu. Sina mpango, bwana, nimeishiwa vibaya.

— Si jana ulifanya kibarua katika ile matatu iliyorembwa ya pale kituoni?

— Nilifanya, lakini dereva alinizuga. Aliniambia atanitumia elfu moja, akanitumia mia mbili.

— Aa, hapana! Mtu huyo ni mpuuzi. Leo tunamharibia.

— Wacha hayo. Polisi wako maskani. Nitamtafuta polepole. Lakini akinizuga tena, atanijua.

— Sawa basi. Niokoe na shilingi ishirini za chai.

— Bwana, si nimekuambia nimeishiwa? Haya, shika kumi.

Neno "haya" katika mstari wa mwisho halimo katika Sheng ya awali. Nimelitia mimi. Katika mazungumzo ya mdomo, kile kituo kati ya kulalamika na kutoa kilikuwa katika sauti na mkono. Karatasini hakionekani, na bila kitu cha kukishika msomaji angeona kijana anakataa na kukubali kwa pumzi moja. Ni nyongeza ndogo, na katika hadithi au gazeti naitetea. Kortini ningeiondoa.

Je, utajuaje kama umefaulu? Kusoma tafsiri yako mwenyewe hakutoshi, maana akili yako inaikumbuka Sheng na kuyajaza mapengo. Mpe tafsiri hiyo kijana mwingine anayeisema Sheng, ambaye hakuyaona maneno ya kwanza, umwombe ayaseme mazungumzo hayo kwa lugha yake. Hatatumia maneno yale yale, na si lazima. Pengine atasema "chapaa" mahali ambapo hapakuwa na neno la fedha, au ataita polisi "sanse". Wewe sikiliza mambo mengine. Je, wale wawili bado ni marafiki? Kiasi cha fedha ni kile kile? Kitisho kimekuwa kikali zaidi, au kimelegea? Akikurudishia "tunachoma hiyo nganya", ujue neno lako lilisema zaidi ya lilivyopaswa. Zoezi hili huchukua dakika kumi darasani na halihitaji kitabu.

Vitabu, hata hivyo, vipo. Kamusi ya Sheng ya Ireri Mbaabu na Kipande Nzunga ilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam mwaka 2003, nayo ni hazina kwa anayesoma maandishi ya miaka ile. Kwa maneno ya leo itumiwe kwa hadhari. Sheng huacha neno pindi wazee wanapolidaka, na neno moja huweza kuwa na maana mbili katika mitaa miwili inayopakana. Ndiyo sababu anayeitwa kutafsiri maneno ya kijana wa Kayole asiridhike na shahidi wa Sheng kutoka Kibera, seuze mwalimu aliyeisikia Sheng yake ya mwisho mwaka 1998.

Neno moja kwa wale wanaofundisha taarifa ya usemi, kwa kuwa hapo ndipo madhara mengi yanapofanyika kimya kimya. Mara nyingi maneno ya vijana hayaandikwi kama yalivyosemwa, bali husimuliwa: "alisema kwamba", "alidai kwamba", "alitishia kwamba". Kitenzi hicho cha kusimulia hakimo katika usemi wa mtu yeyote. Ni cha mwandishi. Andika "alisema kwamba dereva akimzuga tena atamjua", nawe umeripoti. Andika "alitishia kumdhuru dereva", umetoa hukumu, na neno "kumdhuru" umelitoa kwako nyumbani. Katika daftari la nidhamu la shule mstari wa namna hiyo unaweza kumpeleka mwanafunzi nyumbani kwa wiki mbili, na mzazi anayeitwa shuleni hatapata kuona alichosema mwanawe, ataona tu alichoandikiwa. Tena taarifa ya usemi huviua vile vijineno vyote tulivyovitetea: hakuna "si", hakuna "bwana", hakuna "basi". Urafiki wa wasemaji hufutika, na mzaha hauna tena pa kujificha.

Kwa hiyo, pale ambapo adhabu au kesi inategemea maneno, usemi uandikwe katika safu mbili, Sheng kushoto na Kiswahili kulia, mstari kwa mstari. Ni kazi ya karatasi moja zaidi. Atakayetilia shaka "tunamharibia" atageuza jicho kushoto, akute "tunamchomea", kisha amwite kijana amuulize.